Pato moja, vali mbili: kutafuta tatizo pale mvuke na maji ya kupozea yanapopokezana

Mfano wetu ni tangi la kupikia gundi nyeupe, aina ile inayotokana na vinaili asetati. Linabeba tani 2. Kuta zake zimevikwa koti, na ndani ya koti maji yanazungushwa na pampu. Mvuke huyapasha maji hayo kupitia kibadilishaji joto kimoja, na maji ya mnara wa kupozea huyapoza kupitia kingine. Kidhibiti ni kimoja cha PID kinachosoma joto la tangi, na pato lake moja la 0 hadi 100% linaendesha vali zote mbili. Joto linalotakiwa ni nyuzi 80.

Gundi hii inahitaji kupashwa na kupozwa katika upishi mmoja. Mwanzoni tangi linapashwa hadi kufika 80. Kisha malighafi inaingizwa kidogo kidogo, mmenyuko unaanza kutoa joto lake wenyewe, na kutoka hapo kazi inageuka kuwa ya kupoza. Kati ya hatua hizo kuna kipindi kirefu ambacho tangi halihitaji mvuke wa maana wala maji ya maana. Hapo kidhibiti kinakaa kwenye nukta ya mgao, yaani pale ambapo vali moja imefunga na nyingine iko karibu kufungua. Matatizo mengi ya mfumo huu yanaishi kwenye nukta hiyo, lakini mafundi wengi wakiona joto linayumba wanakimbilia namba za PID. Ushauri wangu ni kuziacha namba hizo mpaka vali na mgao vimekaguliwa, kwa sababu ukizibadilisha kwanza utakuwa unaficha ugonjwa.

Hewa ikikatika, kila vali inakwenda wapi?

Swali hili ndilo linaloeleza mpangilio wote. Vali ya mvuke lazima ijifunge hewa ya kompresa ikikosekana. Vali ya maji ya kupozea lazima ijifungue, kwa kuwa tangi lenye mmenyuko unaotoa joto haliwezi kuachwa bila kupozwa. Kwa hiyo pato likiwa 0% maji yamefunguka kabisa, likipanda vali ya maji inafunga taratibu hadi nukta ya mgao, na kutoka hapo vali ya mvuke inaanza kufungua hadi 100%. Kidhibiti nacho kinatenda kinyume: joto likipanda, pato linashuka.

Kosa linalojitokeza mara nyingi baada ya matengenezo ni kugeuza mara mbili. Vali ya maji inayojifungua hewa ikikatika inahitaji ishara kubwa ili ifunge. Kama programu imeshaigeuza ishara, halafu fundi aliyebadilisha pozishena, yaani kifaa cha kwenye vali kinachosogeza shina kufuata ishara, akaigeuza tena ndani ya kifaa hicho, maji yatafunga pale yanapotakiwa kufungua. Dalili yake haifichiki: mara tu joto linapopita 80 linazidi kukimbia juu huku skrini ikionyesha kwamba maji yamefunguliwa. Usiangalie skrini peke yake. Weka kidhibiti kwenye modi ya mkono, tangi likiwa na maji matupu bila malighafi, kisha simama kando ya vali utazame shina lake wakati mwenzako anapeleka pato 0, 25, 50, 75 na 100%.

Kwenye PLC nyingi mgao unafanywa kwa mistari michache kama hii, ambapo `OP` ni pato la kidhibiti, `S` ni nukta ya mgao, `G` ni nusu ya mwanya unaoachwa kati ya vali mbili, `SV` ni vali ya mvuke, `CV` ni vali ya maji, na `MA_SV` na `MA_CV` ni ishara zake kwa miliampea:

```
IF OP >= S + G THEN
  SV := 100.0 * (OP - S - G) / (100.0 - S - G);
  CV := 0.0;
ELSIF OP <= S - G THEN
  CV := 100.0 * (S - G - OP) / (S - G);
  SV := 0.0;
ELSE
  SV := 0.0;
  CV := 0.0;
END_IF;
MA_SV := 4.0 + 0.16 * SV;
MA_CV := 20.0 - 0.16 * CV;
```

Mstari wa mwisho ndio unaogeuza ishara ya maji. Ukiukuta humo, pozishena isigeuze tena.

Kwenye mitambo ya zamani hakuna programu ya namna hii. Pato moja la miliampea 4 hadi 20 linapita kwenye pozishena mbili zilizofungwa mfululizo, moja imepimwa kwa 4 hadi 12 na nyingine kwa 12 hadi 20. Hapo kuna dalili ya pekee: vali ya mvuke inafungua vizuri hadi mahali fulani, kisha inagoma kuendelea hata pato likifika 100%. Pima mkondo kwa mita. Ukikuta unaishia, tuseme, miliampea 17, vali haina kosa. Kadi ya pato imekosa volti za kutosha kusukuma mkondo kupitia pozishena mbili. Tiba ni kutumia njia mbili za pato zinazojitegemea, moja kwa kila vali, na ningependekeza hivyo hata pale ambapo volti zinatosha, kwa sababu mgao ulio kwenye programu unarekebishwa bila kugusa bisibisi.

Dalili: joto linapanda na kushuka bila kutulia, vali zikipokezana

Chora kwenye grafu moja joto, joto linalotakiwa, pato, na nafasi halisi za vali kama pozishena zinarudisha ishara. Ongeza na presha ya mvuke. Kisha peleka kidhibiti kwenye modi ya mkono na uache pato pale lilipo. Ikiwa joto linaendelea kuyumba kwa mwendo uleule, chanzo kiko nje: boila inapandisha na kushusha presha, au pampu nyingine inanyang'anya maji ya mnara. Ikiwa mayumbo yanakufa, chanzo kiko kwenye mzunguko wa udhibiti.

Sasa tazama pato linayumba wapi. Likivuka nukta ya mgao kila mara, mashaka ya kwanza ni mwanya. Mwanya ni kipande cha pato ambacho ndani yake vali zote zimefunga, na wengi huuweka makusudi ili mvuke na maji visifunguke pamoja. Nia ni njema, ila mwanya una gharama inayoweza kuhesabiwa. Tuseme mgao uko 50% na mwanya ni kutoka 47 hadi 53, yaani upana wa 6%. Kidhibiti kina nguvu ya 6 na muda wa kujumlisha wa dakika 40, na kipimo cha joto kinasoma nyuzi 0 hadi 150. Mmenyuko umeanza, joto limepanda nyuzi 1 juu ya lengo, na pato liko 53. Nyuzi 1 katika 150 ni 0.67%. Sehemu ya uwiano inashusha pato kwa 6 × 0.67, yaani 4% papo hapo. Zimebaki 2%, na hizo zinasubiri sehemu ya kujumlisha, ambayo inasogea kwa 4% katika dakika 40, sawa na 0.1% kwa dakika. Joto likibaki nyuzi 1 juu, ni dakika 20 nzima kabla maji hayajaanza kufunguka. Kwa kawaida joto halibaki hapo, linazidi kupanda, na ndilo linalosukuma pato kuvuka. Upande wa pili linakuta hali ileile. Ndiyo maana grafu inaonyesha joto likigonga juu, likigonga chini, bila kukaa kati.

Kwa tangi lenye mmenyuko wa kutoa joto, sipendi mwanya uzidi 1 au 2% kwa jumla. Punguza `G`, kisha tazama tena.

Mara nyingine mwanya kwenye programu ni sifuri na mayumbo yanabaki. Hapo kuna mwanya uliojificha ndani ya vali zenyewe. Vali nyingi za udhibiti ni za asilimia sawa, maana yake mtiririko wake ni mdogo sana shina linapoanza kupanda, halafu unaongezeka kwa kasi. Kwa vali ya namna hiyo yenye uwiano wa 50 kwa 1 na presha isiyobadilika kwenye ncha zake, shina likiwa limefunguka 20% mtiririko ni kama 4% tu ya ule wa juu. Mgao ukiwa 50, hiyo 20% ya vali ni 10% ya pato kila upande. Kwa maneno mengine, kutoka pato la 40 hadi 60 kidhibiti kinapiga makasia hewani. Kabla ya kuagiza vali nyingine, angalia kama pozishena ina mkunjo unaoweza kupangwa, na upange ule unaonyoosha mtiririko. Usiufuate mchoro wa kiwandani peke yake. Kibadilishaji joto nacho kina mkunjo wake unaofuta sehemu ya ule wa vali, hivyo jaribu halisi karibu na nukta ya mgao ndilo la kuamua.

La tatu ni vali kukwama. Kwenye modi ya mkono, ongeza ishara ya vali kwa 0.5% kila mara na utazame shina. Lisiposogea mpaka umefika 2 au 3%, kisha likaruka ghafla, pakingi imebanwa kupita kiasi au kiti kimechakaa. Vali inayokwama sana ni ile inayokaa karibu na kiti chake muda mrefu, na katika mfumo huu zote mbili zinakaa hapo. Alama yake kwenye grafu ni pato lenye umbo la meno ya msumeno huku nafasi ya vali ikipanda kwa ngazi.

Dalili: joto limetulia vizuri, lakini mvuke unaliwa sana

Hii haipigi kengele yoyote, kwa hiyo inaweza kuendelea mwaka mzima. Vali mbili zinapigana, moja inapasha na nyingine inapoza, na kidhibiti kinapata jibu zuri katikati. Chanzo ni kimoja kati ya viwili: mgao umepandana, yaani vali ya mvuke inaanza kufungua kabla ya maji kufunga, au vali moja inavuja ikiwa imefungwa.

Kutenganisha hivyo viwili hakuhitaji kifaa. Tangi likiwa na maji kwenye nyuzi 80, weka pato mkononi kwenye nukta ya mgao ili vali zote zitakiwe kufunga. Acha dakika 15 na uandike joto linabadilika kwa kiasi gani kwa dakika. Tangi lililofungwa vizuri linapoa polepole tu kwa joto linalopotea kupitia kuta. Kisha funga vali ya mkono iliyo kabla ya vali ya mvuke, subiri tena dakika 15. Mteremko ukibadilika na tangi likaanza kupoa haraka zaidi, mvuke ulikuwa unapita. Fungua, rudia kwa upande wa maji: mteremko ukipungua, maji ndiyo yaliyokuwa yanavuja. Baada ya hapo tazama mashina. Shina lililofika chini kabisa huku vali inapitisha ni kiti kibovu. Lisilofika chini ni upimaji wa pozishena au programu.

Kwa vali ya mvuke kiti hakichakai bure. Ikifanya kazi siku zote chini ya 10% ya ufunguzi, mvuke unaopita kwenye mwanya mwembamba kwa kasi kubwa unachonga mfereji kwenye chuma. Ukibadilisha kiti bila kujiuliza kwa nini vali haifunguki zaidi, utarudi. Mara nyingi jibu ni kwamba vali ni kubwa kuliko kazi yake.

Dalili: upande wa kupasha ni mzuri, upande wa kupoza unayumba, au kinyume chake

Hapa ndipo penye faida kubwa, na tiba yake ni hesabu fupi.

PID ina seti moja ya namba, lakini inaendesha mitambo miwili tofauti. Ukiziweka zifae mvuke, haziwezi kufaa maji isipokuwa nguvu za pande mbili zinafanana. Watu wanaweka mgao kwenye 50% kwa sababu ni nusu, na nusu haina uhusiano wowote na nguvu za mvuke na maji.

Zipime. Jaza tangi maji, lifikishe 80, koroga kama kawaida, na weka pato mkononi mpaka joto litulie au liwe na mteremko usiobadilika. Ongeza vali ya mvuke 10%, subiri ucheleweshaji upite, kisha soma jinsi mteremko ulivyobadilika. Rudia kwa maji. Kwenye tangi letu, 10% ya mvuke inaongeza nyuzi 0.18 kwa dakika, na 10% ya maji inapunguza nyuzi 0.09 kwa dakika. Kwa kila 1% ya vali, basi, mvuke ni 0.018 na maji ni 0.009. Mvuke una nguvu mara mbili.

Kwa mgao wa 50, kila 1% ya pato inasogeza vali 2%. Kidhibiti kinaona 0.036 upande wa mvuke na 0.018 upande wa maji. Tunataka kione kiasi kimoja pande zote mbili. Kanuni ni kuipa vali yenye nguvu kipande kikubwa cha pato, ili isogee polepole:

```
S = 100 * Kc / (Kh + Kc)
```

`Kh` ni nguvu ya kupasha na `Kc` ni ya kupoza. Tukiweka namba zetu, 100 × 0.009 ÷ 0.027 inatupa 33.3. Mgao uwe 33: maji yachukue 0 hadi 33, mvuke 33 hadi 100. Hakiki: upande wa mvuke ni 0.018 × 100 ÷ 67, karibu 0.027, upande wa maji ni 0.009 × 100 ÷ 33, nao karibu 0.027. Nguvu zimelingana, na sasa seti moja ya namba za PID ina maana. Kwa pozishena zilizofungwa mfululizo, 33% ni miliampea 9.28, na zote mbili zipimwe upya hapo.

Usiishie hapo bila kujua mpaka wa hesabu hii. Nguvu hizo zimepimwa kwenye nyuzi 80. Mvuke wa presha ya bar 3 kwenye geji una joto la takriban nyuzi 144, hivyo tofauti na tangi ni 64. Maji ya mnara yakiwa 25, tofauti ni 55. Mwisho wa upishi, gundi inapopozwa kuelekea nyuzi 40, tofauti ya mvuke inakua hadi 104 na ya maji inabaki 15 tu. Mgao wa 33 haufai tena huko, lakini haidhuru: wakati huo maji yamefunguliwa kabisa na hakuna kinachodhibitiwa kwa ustadi. Pima pale mtambo unapokaa muda mrefu na penye hatari. Kama upishi wako unashika joto mbili tofauti, andaa mgao wa kila moja na uubadilishe kwa hatua ya upishi.

Kulinganisha nguvu hakulinganishi ucheleweshaji. Kibadilishaji cha mvuke kinaweza kujibu baada ya dakika 3 na cha maji baada ya 5. Ikibidi, tumia namba zinazofaa upande mzito. Na ukiona mayumbo baada ya mgao kurekebishwa, pima kipindi chake. Kikiwa mara nne hadi sita ya ucheleweshaji, nguvu ya kidhibiti imezidi, ipunguze. Kikiwa kirefu mno, saa moja au mbili, tatizo ni muda wa kujumlisha kuwa mfupi, na hapo kupunguza nguvu kunazidisha mayumbo. Tangi la koti linajikusanyia joto. Haliendi kutulia lenyewe kama bomba linavyofanya, na sehemu ya kujumlisha ikiharakishwa juu yake linabembea. Refusha muda huo kwanza. Kosa hili nimeliona likifanywa hata na mafundi wazoefu, wakipunguza nguvu kila wiki na kushangaa tangi linavyozidi kuyumba.

Dalili: joto linapitiliza hadi 84 mwisho wa kupasha

Wakati wa kupasha pato limekaa 100%, na likitakiwa kugeuka kupoza lina safari ya kushuka hadi chini ya 33. Kama sehemu ya kujumlisha iliendelea kujilimbikiza wakati vali imeshafunguka kabisa, safari hiyo inachelewa kuanza. Tazama grafu: joto linavuka 80 na pato bado limeganda kwenye 100. Angalia mipaka ya pato kwenye kidhibiti. Ikiwa ni -5 hadi 105 au zaidi, huku mgao ukikata kwenye 0 na 100, kidhibiti hakijui kwamba vali imegonga mwisho. Weka mipaka iwe 0 na 100 kamili, na kama opereta anaweza kuziba upeo wa vali ya mvuke, tuseme kwa 70%, taarifa ya kizuizi hicho lazima irudi kwenye PID.

Pato likianza kushuka mapema, joto likiwa 76 au 77, na bado joto likapitiliza, hilo si limbikizo. Ni joto lililokwishahifadhiwa kwenye maji ya koti, ambayo huenda yako 110 wakati tangi liko 78. Hapo punguza upeo wa mvuke tangi likikaribia, au weka kidhibiti cha pili kinachoshika joto la koti, na kile cha tangi kikitume. Ukifanya hivyo, mgao unahamia kwenye pato la kidhibiti cha koti, na nguvu za mvuke na maji zinapimwa upya kwa joto la koti, kwani zile 0.018 na 0.009 zilikuwa za tangi.